Moto mmoja, majibu matatu: kuita papo hapo, foleni au rundo kwa athari za karata

Tuseme unatengeneza mchezo wa karata wa watu wawili, na meza iko hivi. Mwenye zamu ana Nyoka mwenye uhai 2, na karata yake inasema: "Nyoka akifa, kiumbe wa mpinzani mwenye uhai mdogo kuliko wenzake anapoteza uhai 3." Mpinzani ana viumbe wawili. Kifaranga ana uhai 1 na hana maandishi yoyote. Mganga ana uhai 4, na karata yake inasema: "Kiumbe wako mwingine akifa, Mganga anarudishiwa uhai wake wote." Mwenye zamu anatupa Moto: "Kila kiumbe mezani anapoteza uhai 2."

Mganga anabaki na uhai gani?

Ukiwauliza wachezaji wawili wazoefu unaweza kupata majibu mawili, na wote wakawa na hoja. Hilo halina ubaya, kwa sababu kanuni ya mchezo ndiyo itakayoamua. Ubaya ni pale programu yenyewe inapotoa majibu tofauti siku tofauti, kwa karata zilezile, kwa sababu tu karata zimepangwa tofauti mezani. Mchezaji akiliona hilo mara mbili haamini tena kitu chochote anachokiona kwenye skrini, na ana haki.

Njia zinazotumika sana kupanga athari hizi ni tatu: kuita kila athari papo hapo inapochochewa, kuziweka kwenye foleni, au kuziweka kwenye rundo. Nitazipitisha zote kwenye meza hii moja ili uone zinapoachana, kisha niseme ipi inafaa mchezo upi.

Kuita papo hapo

Hii ndiyo njia inayojiandika yenyewe. Karata ina fanksheni ya kufa, ndani yake inawaarifu wanaosikiliza, na wanaosikiliza wanatenda palepale.

```python
def moto(meza):
    for k in meza:
        k.uhai -= 2
        if k.uhai <= 0:
            k.kufa()   # vichochezi vinatenda hapahapa
```

Angalia kinachotokea ikiwa orodha ya meza inaanza na Nyoka, kisha Kifaranga, kisha Mganga. Nyoka anaungua na kufa. Kabla Moto haujamgusa mtu mwingine, athari ya Nyoka inaruka ndani: mwenye uhai mdogo upande wa pili ni Kifaranga, anapoteza 3, anakufa. Kifo chake kinamchochea Mganga, ambaye anarudishiwa uhai wote, lakini alikuwa bado mzima, kwa hiyo uponyaji unapotea bure. Sasa ndipo Moto unaendelea na kumfikia Mganga. Anabaki na 2.

Badilisha mpangilio uwe Kifaranga, Mganga, Nyoka. Kifaranga anakufa kwanza na uponyaji unapotea vilevile. Mganga anaungua, anabaki na 2. Nyoka anakufa, anamng'ata Mganga kwa 3, na Mganga anakufa.

Mpangilio ukiwa Mganga, Kifaranga, Nyoka: Mganga anashuka hadi 2, Kifaranga anakufa na kumponya hadi 4, Nyoka anamng'ata, anabaki na 1.

Hayo ni majibu matatu, na hakuna hata moja kati yake lililoamuliwa na kanuni. Yameamuliwa na nafasi ya karata kwenye orodha, kitu ambacho mchezaji hakioni na wala hakuambiwa kwamba kina maana.

Kuna la nne, baya zaidi. Mpangilio wa Nyoka, Mganga, Kifaranga, katika msimbo kama huo hapo juu: Nyoka anakufa na kumuua Kifaranga, kisha Mganga anaungua na kubaki na 2, kisha mzunguko unamfikia Kifaranga ambaye ni maiti tayari. Hakuna anayekagua. Uhai wake unashuka zaidi chini ya sifuri, `kufa()` inaitwa mara ya pili, na Mganga anaponywa tena hadi 4. Kifaranga mmoja amekufa mara mbili. Ukiwa na karata inayosema "kiumbe akifa, chukua karata moja", mchezaji atachukua mbili, na hapo ndipo malalamiko yanapoanza kuja.

Watengenezaji wengi wakikutana na hili huongeza kiraka: kagua kama amekufa, nakili orodha kabla ya kuizungukia, chelewesha athari ya karata fulani. Viraka hivyo vinaondoa maiti anayekufa tena, ila haviondoi tatizo la msingi, kwamba athari ya pili inaanza kabla ya ile ya kwanza kumalizika. Moto umeandikwa kama tukio moja linalowapata wote kwa pamoja. Msimbo umeugeuza kuwa matukio matatu, na kati ya moja na jingine umeacha nafasi ambayo mtu mwingine anaweza kuingia.

Njia hii inatosha endapo hakuna karata inayoweza kuchochea nyingine. Mchezo wa karata wa kawaida wa mtaani, kama ule wa kutupa karata hadi umalize mkononi, hauhitaji zaidi ya hapo: 2 inamlazimu anayefuata kuokota, A inazuia adhabu, na mambo yanaishia hapo. Mara tu unapoandika karata ya kwanza yenye maneno "kila mara kiumbe anapo…", umeshavuka mpaka.

Hatua ambayo foleni na rundo wanaihitaji wote

Kabla ya kuzilinganisha hizi mbili, kuna jambo ambalo zote zinalitaka, na ukiliruka hutafaidika na yoyote. Kichochezi kisitende. Kijiandikishe tu.

Yaani Moto unawapunguzia wote uhai hadi mwisho bila kukatizwa. Ukishamaliza, programu inakagua meza: nani amefika sifuri? Wote waliofika wanaondolewa kwa pamoja. Kila kifo kinaangaliwa kimemchochea nani, na kila kichochezi kinaingizwa kwenye orodha ya vinavyosubiri. Kwenye meza yetu, bila kujali mpangilio, hali baada ya Moto ni ileile: Nyoka na Kifaranga wamekufa, Mganga ana 2, na vinavyosubiri ni viwili, cha Nyoka na cha Mganga.

Hapa ndipo Magic: The Gathering ilipojifunza kwa njia ndefu. Mchezo ulitoka mwaka 1993, na kwa miaka sita athari zilikuwa zikitatuliwa kwa mafungu, huku kukiwa na aina maalumu ya karata za kukatiza zenye kanuni zao za pekee. Rundo la sasa liliingia na kanuni za toleo la sita, mwaka 1999, na aina ile ya karata za kukatiza ikafutwa. Katika kanuni hizo kichochezi hakiingii kwenye rundo pale kinapochochewa. Kinangoja athari inayoendelea imalizike, hali ya meza ikaguliwe na waliokufa waondolewe, ndipo vichochezi vyote vilivyokusanyika viwekwe kwa utaratibu. Watu wanaoiga rundo la Magic mara nyingi wanachukua rundo lenyewe na kuiacha hatua hii, kisha wanashangaa kwa nini hitilafu zao zimebaki palepale.

Kila kichochezi kinapojiandikisha, kibebe kumbukumbu yake. Tuseme Nyoka angekuwa anasababisha hasara sawa na nguvu zake. Zamu yake ya kutenda ikifika, Nyoka yuko kaburini, na nguvu alizoongezewa na karata nyingine zimekwisha kuvuliwa. Ukisoma nguvu zake wakati huo utapata namba iliyochapwa kwenye karata, na mchezaji aliyekuwa amemwongezea nguvu ataona amedhulumiwa. Nakili nguvu alizokuwa nazo alipokufa, ziweke ndani ya kichochezi, na usimuulize tena Nyoka.

Foleni

Kwenye foleni anayetangulia kuingia anatangulia kutoka. Ukiamua kwamba vya mwenye zamu viingie kwanza, kama michezo mingi inavyofanya, meza yetu inakwenda hivi: Nyoka anatenda, anamkuta Mganga akiwa na 2, anamng'ata kwa 3. Mganga anakufa. Kisha zamu ya uponyaji inafika, Mganga hayupo, hakuna kinachotokea.

Jibu ni moja, na litakuwa hilohilo siku zote. Hilo peke yake ni hatua kubwa kutoka kule tulikotoka, na kwa michezo mingi inatosha kabisa.

Faida kubwa ya foleni ni kwamba inaeleweka kwa macho. Mchezaji anaona mambo yanatokea kwa mfuatano ule ule aliouona yakichochewa. Hearthstone, iliyotoka mwaka 2014, imejengwa karibu na wazo hili: vichochezi vya tukio moja vinatenda kwa kufuata karata zilivyoingia mezani, iliyotangulia inatangulia. Haina haja ya zaidi kwa sababu mpinzani hawezi kutupa karata wakati wa zamu yako. Siri alizozitega zinajifyatua zenyewe bila kumuuliza.

Kuna uamuzi mwingine unaochanganywa na huu wa foleni wakati ni tofauti nao: lini uwaondoe waliokufa. Kwenye mfano wangu nilikagua meza baada ya kila athari, ndiyo maana Mganga alikuwa ameshaondolewa uponyaji ulipofika. Ukikagua baada ya foleni nzima kwisha, Mganga angekaa mezani akiwa na uhai chini ya sifuri, uponyaji ungemfikia, angerudi hadi 4 na kuokoka. Hearthstone inafanya kitu cha namna hiyo, kiumbe aliyefika sifuri hubaki mezani hadi hatua ya vifo, na akiponywa kabla ya hapo anaendelea kuishi. Hakuna kosa kwenye uchaguzi wowote, lakini uchague mwenyewe na uuandike kwenye kanuni. Nimeona mijadala mirefu ya "foleni yetu imeharibika" ambayo kumbe foleni ilikuwa nzima, na waliokufa ndio walikuwa wakiondolewa sehemu mbili tofauti za msimbo kwa nyakati tofauti.

Foleni inashindwa mahali pamoja, na hapo haina tiba: mpinzani akitaka kujibu. Weka karata inayoitwa Kimya: "Futa athari moja inayosubiri." Kwenye foleni Nyoka yuko mbele, mpinzani anatupa Kimya ili kumzuia, na Kimya inakwenda nyuma ya foleni. Ikifika zamu yake, Nyoka ameshang'ata na Mganga ameshakufa. Unaweza kuipa Kimya ruhusa ya kuruka mbele. Kisha utahitaji karata ya kuizuia Kimya nayo iruke mbele ya Kimya, na ukishakuwa na kitu ambacho kila kinachokuja baadaye kinaruka mbele ya kilichotangulia, umejenga rundo bila kulipa jina.

Rundo

Kwenye rundo cha mwisho kuwekwa ndicho cha kwanza kutolewa, kama sahani. Hapa kuna kitu kinachowachanganya wengi wanaoanza: kanuni ya mwenye zamu kwanza inabaki ileile, lakini matokeo yake yanageuka. Vichochezi vya mwenye zamu vinawekwa kwanza, kwa hiyo viko chini. Vya mpinzani vinawekwa juu yake, kwa hiyo vinatenda kwanza.

Kwenye meza yetu, cha Nyoka kiko chini na cha Mganga juu. Mganga anaponywa kutoka 2 hadi 4. Kisha Nyoka anamng'ata kwa 3. Mganga anabaki hai na 1.

Huu ndio moyo wa msimbo:

```python
def endesha(m):
    while True:
        while ondoa_waliokufa(m):
            pass
        weka_vinavyosubiri(m)
        if not m.rundo:
            return
        m.rundo.pop().tekeleza(m)

def weka_vinavyosubiri(m):
    m.subira.sort(key=lambda a: (a.mmiliki != m.mwenye_zamu,
                                 -a.namba))
    m.rundo.extend(m.subira)
    m.subira.clear()
```

`ondoa_waliokufa` inarudisha kweli ikiwa imemwondoa mtu, na inarudiwa kwa sababu kifo kimoja kinaweza kusababisha kingine hata kabla ya kichochezi chochote: kiumbe aliyekuwa akiwaongezea wenzake uhai akitoka, wenzake wanaweza kujikuta wako sifuri.

Tazama alama ya kutoa kabla ya `a.namba`. Namba hiyo ni mpangilio wa karata kuingia mezani. Mchezaji mmoja akiwa na vichochezi viwili, karibu wote wanatarajia kile cha karata ya zamani kitende kwanza. Kwa kuwa rundo linageuza mpangilio, cha zamani lazima kiwekwe mwisho, ndiyo maana namba inageuzwa. Ukisahau alama hiyo hakuna kitakachovunjika, hakuna ujumbe wa hitilafu utakaotoka, na mchezo utaenda kinyume na matarajio ya watu kwa miezi kabla mtu hajaweza kueleza kinachomsumbua. Ukihama kutoka foleni kwenda kwenye rundo, hii ndiyo sehemu ya kwanza ya kukagua. Magic inampa mwenye vichochezi haki ya kupanga vyake mwenyewe. Kwenye simu kumuuliza mtu kila mara kunachosha, hivyo mimi ningemuuliza pale tu mpangilio unapoweza kubadilisha kitu, na kwingine nitumie namba.

Sasa turudishe Kimya. Rundo lina Mganga juu na Nyoka chini. Kabla ya kutoa cha juu, programu inawauliza wachezaji wote wawili kama wana la kujibu, ikianza na mwenye zamu. Yeye ndiye anayetaka Mganga afe, kwa hiyo anatupa Kimya akilenga uponyaji. Kimya inakaa juu kabisa. Wachezaji wanaulizwa tena, wote wanapita, Kimya inatenda na kuufuta uponyaji. Nyoka anabaki peke yake kwenye rundo, anamkuta Mganga akiwa na 2, na Mganga anakufa. Hakuna karata iliyopewa ruhusa maalumu. Kila jibu lilitangulia kwa sababu tu lilikuja baadaye, na mpinzani naye angeweza kuijibu Kimya kwa njia ileile.

Tofauti nyingine kati ya rundo na foleni inaonekana athari zinapozaa athari. Mpe mpinzani karata ya Ngoma: "Kiumbe wako akipona, anaongezewa uhai 2." Pia mfanye Nyoka awe mkali zaidi, ang'ate kwa 4. Kwenye rundo, Mganga anapona hadi 4, na uponyaji huo unachochea Ngoma, ambayo inawekwa juu ya Nyoka. Ngoma inatenda, Mganga anafika 6, kisha Nyoka anang'ata na kumwacha na 2. Kwenye foleni, hata ukimtanguliza mpinzani ili kulinganisha kwa haki, Mganga anapona hadi 4, Ngoma inakwenda nyuma ya Nyoka, Nyoka anang'ata kwa 4, Mganga anakufa kabla Ngoma haijalia.

Rundo linamaliza jambo moja na vizazi vyake vyote kabla ya kugusa jingine. Foleni inamaliza wimbi zima la kwanza kabla ya kuanza la pili. Mtu aliyetunga karata mbili zinazosaidiana, kama Mganga na Ngoma, kwa kawaida anategemea ziungane bila kitu kuingia katikati. Ndiyo sababu nalipenda rundo hata kwa baadhi ya michezo isiyo na majibu: karata zinazoshirikiana zinafanya kazi jinsi mtunzi wake alivyozisoma.

Msomaji makini atasema kwamba kuita papo hapo nako kunamaliza vizazi kwanza. Ni kweli, na lugha ya programu yenyewe inatumia rundo la ndani kwa ajili hiyo. Tofauti ni kwamba rundo lile huwezi kulishika. Huwezi kulisimamisha katikati ili umngoje mchezaji achague, huwezi kulionyesha kwenye skrini, huwezi kulihifadhi. Rundo lako mwenyewe ni orodha ya kawaida. Mtandao ukikatika mpinzani akiwa katikati ya kuamua, seva inaiandika orodha hiyo, na akirudi anakuta Kimya iko palepale juu ya uponyaji. Kwa mchezo wa simu unaotegemea bando la mtu, hilo peke yake linaweza kuamua uchaguzi.

Njia ya katikati

Yu-Gi-Oh! ya Konami, ambayo mchezo wake wa karata ulianza Japani mwaka 1999, inatumia mnyororo. Wachezaji wanajibizana kwa kuongeza viungo, na mnyororo unatatuliwa kutoka mwisho kurudi mwanzo kama rundo. Lakini ukishaanza kutatuliwa unafungwa. Kitu kikichochewa katikati hakipandi juu, kinangoja mnyororo uishe, kisha kinaanzisha mnyororo mpya. Kwa hiyo ndani ni rundo, na kati ya mnyororo na mnyororo ni kama foleni.

Kwenye mfano wa Ngoma, mnyororo ungetoa jibu la foleni: Mganga anapona, Nyoka anang'ata, Mganga anakufa, Ngoma haina wa kumsaidia. Faida yake ni kwamba wachezaji hawaulizwi kitu kabisa wakati wa kutatua, na kina cha majibizano kinajulikana mapema. Hasara ni kanuni za ziada kuhusu athari za hiari zinazopoteza nafasi yake kwa sababu wakati wake ulipita ndani ya mnyororo. Wachezaji wa Yu-Gi-Oh! wanazijua na wengi wanazilalamikia. Ukiwa unataka majibu lakini hutaki programu isimame kila sekunde, mnyororo unastahili kufikiriwa. Ila amua mapema kwamba athari za hiari hazitapoteza nafasi kamwe, utajiepusha na maelezo mengi.

Kwenye meza ileile

| Njia | Mganga anaishia na | Kujibu kunawezekana? |
|---|---|---|
| Papo hapo | 2, au amekufa, au 1, au 4, kutegemea orodha | Hapana |
| Foleni, mwenye zamu kwanza | amekufa | Hapana |
| Rundo | 1 | Ndiyo |
| Mnyororo, mwenye zamu kwanza | 1 | Ndiyo, hadi uanze kutatuliwa |

Uchague ipi

Kama wachezaji wanaweza kutupa karata wakati wa zamu ya mwenzao, chukua rundo au mnyororo na usipoteze muda kwenye foleni. Utaishia huko hata hivyo, ukiwa umeshaandika karata nyingi juu ya msingi utakaobidi kuung'oa.

Kama hakuna majibu na viumbe wanapigana wenyewe kwa wingi, wachezaji wakitazama tu, chagua foleni. Mawimbi yake yanafuatana na jinsi macho yanavyosoma pambano, na uhuishaji wake ni rahisi kuupanga: wimbi la kwanza lote, kisha la pili. Rundo kwenye mchezo wa namna hiyo linamfanya mtazamaji aone kiumbe wa kushoto akizaa mambo kumi wakati wa kulia, aliyekufa sekunde ileile, hajafanya kitu.

Kama hakuna majibu lakini karata zimetungwa ili zishirikiane kwa mfuatano, mimi ningechukua rundo. Hapo ni suala la ladha ya mtunzi, na mwingine anaweza kuchagua foleni bila kukosea.

Gharama ya rundo ni mbili, na zote zinalipwa na mchezaji. Ya kwanza ni kusimama mara kwa mara kuuliza nani ana la kujibu. Punguza hili kwa kuuliza tu pale mtu anapokuwa na karata anayoweza kweli kuitupa, ukijua kwamba kwa kufanya hivyo unamfichulia mpinzani, kwa sababu kila programu inaposita ataelewa mwenzake ana kitu mkononi. Ya pili ni mpangilio unaorudi nyuma. Onyesha rundo kwenye skrini, karata ya juu ikiwa kubwa zaidi, na mshale kutoka kila athari kwenda kwa inayemlenga. Bila hilo, mpinzani akiona Mganga anaponywa kabla ya Nyoka kung'ata, wakati Nyoka ni wa mwenye zamu, atadhani ni hitilafu ileile ya zamani.

Yoyote utakayochagua, mizunguko isiyo na mwisho itakuja. Karata moja inasema "ukipona, mpinzani wako anapoteza uhai 1", nyingine upande wa pili inasema "ukipoteza uhai, kila mtu anapona 1". Kwenye kuita papo hapo, Python itasimama kwa `RecursionError`, kwa kuwa kikomo chake cha kawaida ni miito 1000 iliyopandana. Foleni na rundo hazitaanguka. Zitazunguka kimya huku skrini imeganda. Weka kihesabu ndani ya `endesha`, na kikipita kikomo ulichokiweka, simamisha na utoe uamuzi ulioandikwa kwenye kanuni. Magic inasema mzunguko wa lazima ambao hakuna anayeweza kuuvunja unaufanya mchezo uwe sare, na ni uamuzi mzuri wa kuazima.

Ili ujue kama mchezo ulio nao sasa una ugonjwa huu, huna haja ya kusoma msimbo wote. Andika jaribio moja: jenga meza ya Nyoka, Kifaranga na Mganga, pitisha mipangilio yote sita ya orodha huku ukiziacha namba za kuingia mezani zilivyo, tupa Moto kwenye kila mmoja, kisha linganisha uhai wa Mganga. Majibu yote sita yakifanana, mpangilio wa orodha hauamui tena. Yakitofautiana hata mara moja, tafuta `kufa()` inaitwa wapi ndani ya mzunguko unaopunguza uhai, na anza kuhamisha karata moja moja kwenda kwenye `subira`, ukianza na zile zenye maneno "kila mara".